Tandu au jongoo? Hesabu miguu ya upande mmoja, katikati ya mwili

Mvua za Novemba zikishaanza Mbeya, Njombe na Iringa, picha watu wanazotumiana kwa simu huwa ni zilezile: kitu chenye miguu mingi kimekutwa chini ya kuni, kwenye mgomba au ukutani karibu na bomba, na swali chini yake ni “huyu anauma?” Majibu huja haraka, na mengi hutolewa kwa kuangalia rangi na urefu. Vyote viwili havisaidii. Kuna jongoo wekundu na tandu weusi, kuna tandu wa sentimita tatu na jongoo wanaozidi ishirini.

Kinachosaidia ni pingili moja. Mwili wa wote wawili umegawanyika kwa pingili kama muwa. Tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili. Jongoo ana jozi mbili, kwa sababu kila pete unayoiona kwake ni pingili mbili zilizoungana tangu akiwa yai.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tuende taratibu. Jozi ni mguu wa kushoto na wa kulia. Ukimwangalia tandu kutoka juu, kila pingili inatoa mguu mmoja kushoto na mmoja kulia. Mtu anaiona ile miwili, anakumbuka kwamba “jongoo ana miwili kwa pingili”, basi anaandika jongoo. Dawa yake ni kuusahau upande wa pili kabisa. Chagua upande mmoja, funika mwingine kwa kidole kwenye kioo cha simu, kisha uhesabu: mguu mmoja kwa pingili ni tandu, miguu miwili kwa pingili ni jongoo.

Na uhesabu katikati ya mwili, si karibu na kichwa. Pete ya kwanza ya jongoo, ile inayokaa kama kola nyuma ya kichwa, haina miguu hata mmoja, na pete tatu zinazofuata zina jozi mojamoja tu. Ukianzia hapo utapata jibu la tandu kwa jongoo halali. Dume aliyekomaa ana mtego mwingine: kwenye pete ya saba miguu imegeuka kuwa viungo vya kupandia jike, vimejificha ndani, kwa hiyo pichani panaonekana pengo kama vile miguu imekatika. Mkiani nako pete za mwisho hazina miguu. Kwa jongoo mrefu, anza kuhesabu baada ya pete ya kumi, chukua pete tatu zinazofuatana, uone kama unapata miguu sita upande ule. Tatu zinatosha, na ni salama kuliko kutegemea moja ambayo huenda kivuli kimeificha.

Usijisumbue kuhesabu miguu yote. Jongoo hutoka kwenye yai na jozi chache tu, kwa kawaida tatu, kisha huongeza pete na miguu kila anapojivua ngozi, hivyo jumla yake inakwambia zaidi umri kuliko aina. Kwa tandu jumla ina maana kiasi fulani: jozi zake ni namba witiri, kuanzia 15 hadi 191, na wale wakubwa wanaoogopwa majumbani wana 21 au 23. Kwa hesabu hiyo hakuna tandu wa miguu mia kamili.

Sasa tuichukue picha moja ngumu. Kwenye mgomba uliolowa kule Rungwe, mnyama wa kahawia iliyoiva, urefu kama njiti ya kiberiti na ziada kidogo. Mgongo ni bapa, na pembeni mwa kila pingili kuna ubawa mdogo uliochongoka wenye doa la njano. Kwa mbali ni tandu mtupu, na ndivyo wengi watakavyoandika, maana tumezoea kwamba jongoo ni mviringo kama penseli.

Kuza picha. Pingili ni kama 20, na chini ya kila ubawa wa katikati zinatokeza ncha mbili za miguu, moja imeifuata nyingine. Hapo ni jongoo tayari, lakini tuthibitishe kwa ncha mbili za mwili. Mbele, papasi, yaani zile pembe laini za kichwani za kupapasia, ni fupi, zimepinda kama kiwiko na zinagusagusa chini. Za tandu ni ndefu, nyembamba kuelekea nchani, na zimenyooshwa mbele au pembeni. Nyuma, mwili unaishia kwa kincha kifupi kisicho na miguu. Tandu angekuwa na jozi ya mwisho ndefu kuliko nyingine, imeelekezwa nyuma kama mkia uliogawanyika mara mbili, tena haitumii kutembelea. Kwa hiyo huyu ni jongoo bapa, na hawa wanapenda kweli misitu yetu yenye unyevu. Zile mbawa ni ngozi ngumu tu iliyochomoza. Miguu yenyewe inaanzia karibu na katikati ya tumbo, ilhali ya tandu inachomoza ubavuni kabisa. Ndiyo maana tandu huonekana ametandaza miguu nje, na jongoo huonekana anateleza juu ya burashi.

Huyo jongoo bapa haumi, ila msimfinye mkononi. Matundu ya ubavuni hutoa sianidi ya haidrojeni, sumu ileile ya muhogo mchungu. Kiasi chake ni kidogo mno kumdhuru mtu mzima kwa kugusa, lakini si cha kumpa mtoto achezee. Majongoo marefu ya mviringo hutoa majimaji ya aina nyingine, ya njano au kahawia, yanayotia ngozi doa linaloweza kukaa siku nyingi. Osha kwa sabuni na maji, na mkono usipite jichoni kabla ya hapo. Majimaji hayo yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kisha nenda hospitali.

Mtego wa pili ni kinyume cha huyo. Ukilima bustani kwa jembe unaweza kufukua kitu chembamba kama uzi mnene, njano iliyopauka, kirefu sentimita tano au zaidi, kinachojinyonganyonga polepole. Mwendo wa pole na mwili mrefu vinakupeleka kwa jongoo, wengine wanasema mnyoo. Ni tandu wa udongoni. Jozi zake hazipungui 27, mara nyingi ni nyingi zaidi ya hapo, na kila pingili ina mguu mmoja upande mmoja. Huyu anaonyesha kwa nini tabia peke yake si ushahidi wa kutosha: kasi haimtambulishi kila tandu.

Kwa wakubwa, tabia inasaidia sana, hasa ukiwa na video ya sekunde tano. Tandu akikimbia mwili wote unayumba kushoto na kulia kama nyoka, na ukimfunulia gogo anatafuta giza mara moja. Jongoo mwili wake unabaki umenyooka, na miguu inakwenda kwa mawimbi: utaona mafungu ya miguu iliyobanana na mapengo kati yake, mawimbi yakipita ubavuni. Mawimbi hayo huonekana hata kwenye picha ya kawaida, nami huyaamini kuliko umbo la mwili.

Kujikunja nako kuna sheria yake. Jongoo akiguswa anajiviringa kama kamba iliyokunjwa, kichwa katikati, miguu imefichwa ndani. Tandu hajilindi hivyo. Ataponyoka au atageuka kung’ata. Lakini tandu jike mwenye mayai huyazunguka kwa mwili wake, tumbo likiwa upande wa mayai, na akipigwa picha chini ya jiwe anafanana na jongoo aliyejiviringa. Tafuta vidonge vya njano au vitoto vyeupe katikati ya duara. Ukiviona, rudisha jiwe taratibu. Akibughudhiwa anaweza kuyaacha au kuyala.

Picha nyingi zinashindikana kwa sababu ya mpigaji. Anasimama wima, anapiga kutoka juu, na miguu ya jongoo yote iko chini ya mwili. Shusha simu hadi usawa wa ardhi, upande wa ubavu, kama sentimita 20 au 30, kuza mara mbili, kisha gusa kioo katikati ya mwili wa mnyama ili simu ilenge hapo na si kwenye jani la mbele. Piga mahali penye mwanga wa kutosha, maana kwenye giza la stoo miguu ya tandu hugeuka ukungu na hakuna atakayeihesabu. Weka njiti ya kiberiti pembeni kuonyesha ukubwa, lakini usiiweke kwa vidole karibu na tandu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili. Picha iliyobanwa hupoteza miguu kwanza.

Kwa aliye mdogo na mtulivu, chupa ya plastiki inayoonyesha ndiyo bora kuliko yote. Mwingize kwa kijiti, weka jani bichi lenye maji kidogo kwa sababu tandu hukauka upesi, kisha piga kupitia kitako. Utaona miguu inapoanzia, na kwa tandu utaona pia kucha mbili za sumu zilizokumbatia kichwa kwa chini. Hizo kucha ni miguu ya kwanza iliyogeuka, na jongoo yeyote hana. Jeraha la tandu kwa kawaida huwa na vitundu viwili vilivyokaribiana, maumivu makali na uvimbe. Maji ya moto yanayovumilika hupunguza maumivu, na uvimbe ukipanda au pumzi ikibana ni hospitali bila kungoja.

Kuhusu jina la spishi, picha ya simu isikudanganye. Milima ya Udzungwa peke yake ina jongoo wengi wasiopatikana kwingine duniani, na wanaowachambua huwatenganisha kwa vile viungo vya dume vya pete ya saba, chini ya hadubini. Kwa picha, andika “jongoo bapa” au “tandu wa jozi 21” na uishie hapo. Na ikiwa picha ni ya juu tu, miguu haionekani na papasi zimekatwa na fremu, usibahatishe: mwombe aliyeituma apige nyingine ya ubavuni, na wakati anamsubiri mnyama ajitokeze, asiingize mkono chini ya zile kuni.