Doksisaiklini ya kinga ya malaria: saa ya kuimeza, maziwa, jua, na siku za baada ya kurudi

"Wakuu, nasafiri siku 10 kwenda eneo lenye malaria, nimeandikiwa doksisaiklini ya miligramu 100 kila siku. Asubuhi mimi ni mtu wa maziwa, mchana nitashinda juani. Mtu kaniambia nimeze usiku nikipanda kitandani, eti jua la mchana halitanidhuru. Ni kweli? Na nikisharudi naacha lini?"

Huyo aliyekuambia umeze ukipanda kitandani amekosea mara mbili kwa sentensi moja. Kazi yangu ni ya kuzunguka maeneo yenye malaria na dawa hii nimeimeza mara nyingi tu, kwa hiyo nianze na kosa linaloumiza zaidi.

Doksisaiklini nyingi huja kwenye kapsuli ya jelatini, na unga ulio ndani ukilowa unakuwa asidi kali. Ikifika tumboni haina neno, maana tumbo limeumbwa kukaa na asidi. Shida ni ikikwama kwenye umio. Katikati ya kifua, umio unapita kando ya mshipa mkuu utokao moyoni na hapo unabanwa kidogo. Kapsuli iliyomezwa kwa funda moja la maji hupenda kunata papo hapo, jelatini ikiwa imelowa nusu kama gundi. Ukiwa umesimama, uzito wake na maji vinaisukuma chini. Ukilala, msaada huo hakuna, na usingizini mtu humeza mate mara chache sana. Inayeyukia hapo hapo, asidi inamwagika sehemu moja usiku kucha.

Nililishuhudia hili kwa mwenzangu tuliyekuwa chumba kimoja safarini. Alikuwa na desturi ya kuweka kapsuli pembeni ya mto, anazima taa, anaitupia mdomoni na kunywa maji kidogo tu akiwa keshajifunika. Siku kadhaa hakupata shida. Kisha akaamka alfajiri ameshika kifua, anasema kuna kitu kimemkaa nyuma ya mfupa wa kifua. Kunywa maji kulimuuma. Kumeza mate yake mwenyewe kulimfanya akunje uso. Alidhani ni moyo, na hakukosea kwenda hospitali, kwa sababu maumivu ya kifua si ya kukisia. Moyo ulikutwa salama. Daktari aliuliza swali moja tu: unameza dawa gani, na unaimezaje? Alimwachisha doksisaiklini siku hiyo hiyo, akampa dawa ya kupunguza asidi, akamwambia ale vitu laini visivyo na moto wala pilipili. Akambadilishia na dawa nyingine ya kinga ili asibaki wazi. Ndani ya wiki hivi alikuwa anakula kama kawaida. Wengi hupona hivyo, ilimradi wasiendelee kumeza kapsuli juu ya kidonda. Ukishindwa kabisa kumeza, au ukitapika damu, hapo ni kukimbilia hospitali.

Kwa hiyo meza ukiwa umesimama au umeketi wima, kwa glasi nzima ya maji. Mimi hunywa funda moja kwanza ili koo lilowe, ndipo naweka kapsuli, kisha glasi yote iliyobaki. Baada ya hapo kaa wima angalau nusu saa, na ukiweza saa nzima. Usiifungue kapsuli na kumwaga unga mdomoni, maana hapo unapeleka asidi njia nzima. Kama kumeza kapsuli ni shida kwako, muulize mfamasia kama kuna vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji.

Sasa hilo la jua. Wazo lenyewe linaingia akilini, lakini halina msingi. Kiasi cha doksisaiklini kilichomo mwilini huchukua kati ya saa 16 na 22 kupungua nusu, ndiyo maana inamezwa mara moja tu kwa siku. Ukiimeza saa 1 jioni, kesho yake saa 6 mchana zimepita saa 17. Karibu nusu ya dozi ya jana bado inazunguka, pamoja na mabaki ya juzi na ya siku iliyotangulia juzi. Hakuna saa ya kumeza itakayokukuta mchana ngozi ikiwa haina dawa. Na wala hatutaki iwe haina, kwa sababu dawa inayokupa shida na jua ndiyo hiyo hiyo inayosubiri vimelea kwenye damu.

Kinachotokea ni kwamba dawa iliyomo kwenye ngozi inanasa miale ya urujuanimno, hasa ile inayopenya hata kioo cha dirisha la gari, na nguvu hiyo inaunguza seli zilizo jirani. Dalili ya mwanzo ni kuwashwa au kuhisi moto mgongoni mwa mikono, puani, masikioni na kwenye shingo, baada ya jua ambalo siku zote hulioni kuwa kali. Wenye ngozi nyeusi wasijidanganye. Wekundu unaweza usionekane vizuri, lakini ngozi itauma, itavutika, kisha itakuwa nyeusi zaidi au kubambuka. Kuna wanaopata kwenye kucha pia: zinauma, halafu zinaanza kubanduka kutoka kwenye nyama, na hilo linaweza kuja wiki kadhaa baadaye, wakati mtu keshasahau jua lenyewe.

Dawa yake kubwa ni nguo. Mikono mirefu, suruali, kofia yenye ukingo mpana. Zitakufaa mara mbili, kwa sababu jioni ndizo hizo hizo zinazozuia mbu. Kwa sehemu zinazobaki wazi, tafuta losheni ya kuzuia jua yenye kinga ya 30 au zaidi, ambayo kibandiko chake kinasema inazuia aina zote mbili za miale, na uirudie kila baada ya saa 2 na kila ukitoka majini. Kama unapaka na dawa ya kufukuza mbu, losheni ya jua itangulie, ikauke, ndipo ya mbu ije juu yake. Malengelenge yakitokea, toka juani na umuone daktari. Usiache kinga kimyakimya.

Maziwa yako ya asubuhi yatatusaidia kupanga saa. Kalsiamu iliyomo kwenye maziwa na mtindi inashikana na doksisaiklini tumboni, na vikishashikana havipenyi ukuta wa utumbo, vinatoka nje. Dawa za zamani za ukoo huu zilipotea kwa zaidi ya nusu kwa njia hiyo. Doksisaiklini inapotea kwa kiasi kidogo kuliko hizo, takriban moja ya tano ikimezwa pamoja na glasi ya maziwa. Tone la maziwa ulilolisahau halitakuua, lakini kwenye kinga sioni sababu ya kutupa moja ya tano kila siku. Acha saa 2 kati ya dawa na maziwa, kabla na baada.

Maziwa, hata hivyo, ndiyo mepesi ya kundi hilo. Wanaosahaulika ni vidonge vya kiungulia vyenye magnesi au alumini, vidonge vya kalsiamu, zinki, na hasa madini ya chuma. Chuma kina ukorofi wake. Sehemu ya doksisaiklini iliyokwisha kuingia mwilini hurudi utumboni pamoja na nyongo ili inyonywe tena, na chuma kinaikamata hata huko. Ukitenganisha kwa saa 2 au 3 unapunguza hasara, huimalizi. Kama unatumia chuma, muulize aliyekuandikia kama unaweza kukisimamisha mpaka umalize kinga. Na angalia mtego huu: mtu anameza vibaya, kifua kinamchoma, anatafuna kidonge cha kiungulia, na kidonge kile kinaila dozi.

Kwa ratiba yako ningefanya hivi. Maziwa asubuhi kama ulivyozoea. Dawa saa 1 jioni, katikati ya chakula cha usiku kisicho na maziwa, maana tumbo tupu na dawa hii ni kichefuchefu cha uhakika, na chakula cha kawaida hakiipunguzi kwa kiasi cha kusumbua. Glasi nzima ya maji. Kisha mazungumzo mezani, kufua soksi, chochote, mradi usijilaze kabla ya saa 2 usiku. Ukisahau ukakumbuka baadaye siku ile ile, meza. Ikiwa saa ya dozi nyingine imefika, endelea na moja tu, usimeze mbili pamoja.

Kuacha ndiko watu wengi wanakoharibu. Vimelea vikiingia kwa kung'atwa na mbu, hukimbilia ini na kujificha huko kwa kiasi cha wiki moja au zaidi kabla ya kumwagika kwenye damu. Doksisaiklini haiaminiki kuvipiga vikiwa kwenye ini. Inavisubiri kwenye damu, tena inaua polepole, kwa kuharibu uwezo wa kizazi kinachofuata kuendelea. Tuseme umeng'atwa usiku wako wa mwisho na ukaacha dawa siku ya kufika nyumbani. Vikitoka kwenye ini wiki inayofuata vinakuta damu haina mlinzi. Ndiyo maana unaendelea siku 28 baada ya kuondoka eneo la malaria. Ipo dawa nyingine, mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, ambayo huachwa siku 7 baada ya kuondoka, kwa sababu yenyewe inavipiga hukohuko kwenye ini. Usiazime ratiba yake kwa kapsuli hizi.

Hesabu ya safari yako basi: anza siku 2 kabla, siku 10 za safari, siku 28 za baada. Kapsuli 40. Zihesabu kabla ya kutoka duka la dawa, maana nimeona watu wakipewa za siku za safari peke yake. Siku hizo 28 nazo jua bado linakuhusu, na maziwa vilevile.

Kama wewe ni mjamzito, au dawa ni ya mtoto wa chini ya miaka 8, au unatumia isotretinoini ya chunusi au warfarini, rudi kwa aliyekuandikia kabla ya kuanza. Maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na macho kuona ukungu au vitu viwiliviwili ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hata ukizimeza zote 40 bila kukosa, homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi pima malaria siku hiyo hiyo, na mtaje anayekupima ulikokuwa. Hakuna kinga inayoziba yote, na kuna aina ya vimelea, vivaksi ikiwa mojawapo, vinavyolala kwenye ini miezi mingi. Doksisaiklini haivigusi kabisa vikiwa vimelala.