Kifurushi hufuata stika, si akaunti yako

Mwezi wa tatu nilihama South B nikaenda Roysambu. Siku mbili kabla ya kuhama nilikuwa nimeagiza blenda ya shilingi 4,800, na katika pilkapilka za kufunga vyombo nikasahau kwamba oda ile ilikuwa na anwani ya nyumba ninayoiacha. Nilikumbuka Jumamosi usiku, nikiwa nimeshalala nyumba mpya mara moja. Nikaingia kwenye akaunti yangu, nikafuta South B, nikaandika Roysambu, nikaona anwani mpya imekaa sawasawa. Nikalala nikijua mambo yameisha.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ikalia. "Madam, niko hapa getini South B. Shuka uchukue mzigo."

Nilichokuwa sijui ni kwamba anwani iliyo kwenye akaunti inatumika kwa oda zitakazofuata. Oda ikishafungwa, muuzaji anachapisha stika yenye jina lako, nambari yako ya simu, mahali unapokaa na mistari ile ya kuskani, na kuanzia hapo kila anayeushika mzigo anasoma stika. Hakuna anayerudi kuangalia akaunti yako. Ningefungua ukurasa wa oda yenyewe ningeona bado umeandikwa South B, na chini yake neno `Shipped`. Neno hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani.

Nikamwambia yule kijana, "Kaka, nilihama. Niletee Roysambu." Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwa upole kwamba laini yake ni South B, South C na Nairobi West, na mkoba umejaa mizigo ya watu wa huko. Roysambu iko Thika Road, ng'ambo ya mji. Akienda huko na blenda moja, siku yake imekwisha na wateja wengine wote wamemkosa. Hakuwa mkaidi. Mizigo hupangwa asubuhi kwa maeneo, na anayelipwa kwa kila kifurushi anachofikisha hawezi kuvuka mji kwa ajili ya mmoja.

Hapo ndipo nilifanya kosa lililonigharimu. Nilimwomba aniletee jioni akimaliza kazi, nikamtumia shilingi 400 kwa M-Pesa kwenye simu yake mwenyewe. Akasema ili mzigo usionekane umekwama lazima aufunge kwenye simu yake, kwa hiyo nimsomee ile kodi ya kupokelea, yaani zile tarakimu nne zilizokuja kwa ujumbe. Nikamsomea. Dakika moja baadaye ukaingia ujumbe kwamba mzigo wangu umefika.

Jioni hakuja. Pikipiki ilimharibikia, na mzigo akauacha kwa mlinzi wa jengo langu la zamani. Niliuchukua Alhamisi, nikakuta jagi la kioo limepasuka. Nilipopiga simu kulalamika, karani akasoma kumbukumbu yake: umepokelewa Jumatatu, South B, kodi sahihi, hakuna malalamiko. Kwa maandishi yao nilikuwa nimekaa na blenda siku tatu nyumbani. Sikupata jagi jingine. Iliniuma, na bado inaniuma, lakini ile kodi ndiyo sahihi yangu, na niliitia kabla sijaona kitu.

Tangu hapo nimezungumza sana na watu wa kazi hiyo, wakiwemo karani mmoja wa ghala na waendesha boda wawili. Nimejifunza kwamba cha kwanza kujua ni mzigo uko wapi hasa.

Ukiwa bado `Shipped`, mara nyingi uko njiani kutoka kwa muuzaji kwenda ghala la wasafirishaji, au umefika ghalani na haujapangiwa laini. Hapa bado unaweza kuzuiwa. Unapoingia ghalani unaskaniwa, na kama kuna maagizo mapya, karani anautoa kando, anabandika stika mpya juu ya ile ya zamani na kuutia kwenye fungu la eneo jipya. Utachelewa siku moja hivi, na utalipa tofauti ya nauli kama eneo ni la mbali zaidi. Piga simu mapema, kabla ya saa mbili asubuhi ukiweza, kwa sababu boda wakishapakia na kutoka, karani hana cha kukushikia.

Mpigie muuzaji kwanza. Msafirishaji aliajiriwa na muuzaji, na kampuni nyingi hazibadilishi stika kwa neno la mpokeaji peke yake. Hata posta ina desturi hiyo: haki ya kubadilisha anwani ya kitu kilicho njiani ni ya aliyekituma. Nilikuwa nikiona wananizungusha waliponiambia "ongea na muuzaji", kumbe wananielekeza. Uwe na nambari mbili mkononi: ya oda, ambayo muuzaji anaijua, na ya mzigo, ambayo ndiyo pekee msafirishaji anaitambua. Ukimpa karani wa ghala nambari ya oda, atakwambia haoni kitu, na atakuwa anasema kweli.

Ukisoma `Out for delivery`, mzigo uko mkobani na hauzuiliki tena. Unabaki na njia mbili. Ya kwanza ni mtu unayemwamini akupokelee pale pale pa zamani, afungue boksi, akutumie picha, na wewe umsomee kodi ukishaona picha. Ya pili ni mzigo urudi ghalani jioni, upangiwe safari nyingine. Ukichagua ya pili, mwombe boda aandike kwamba anwani imebadilika. Baadhi yao, kwa haraka, hubonyeza "mteja amekataa", na mzigo uliokataliwa haungoji ghalani: unarudishwa kwa muuzaji, na pesa zako zinaanza safari yake ndefu ya kurejeshwa. Jioni hiyo hiyo piga simu uhakikishe sababu iliyoandikwa.

Nauli ya ziada ilipe kwenye nambari ya malipo ya kampuni tu. Ukilipa kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama ni mwaminifu kama yule kijana alivyokuwa, kampuni haijui kwamba kuna makubaliano. Tena wapo matapeli wanaopiga simu wakidai mzigo wako umekwama na unahitaji ada ya kubadilisha anwani. Ukipigiwa hivyo, kata, kisha piga nambari uliyopewa ulipoagiza.

Mwezi wa nane yalinikuta tena. Niliagiza viatu vya shule vya mwanangu vije kazini Upper Hill, kisha nikapangiwa wiki nzima Rongai. Nilipiga simu saa moja na nusu asubuhi, mzigo ukiwa `Shipped`, na sikuomba upelekwe Rongai. Niliomba uachwe kwa wakala mmoja wa barabara ya Tom Mboya, maana hapo mzigo unaweza kunisubiri siku kadhaa bila mtu kunitafuta getini, na mimi napita mjini kila jioni nikibadilisha matatu. Muuzaji akathibitisha, nikalipa shilingi 100, na baada ya saa mbili ukurasa wa oda ukaonyesha jina la wakala. Jumatano nikafika, mama wa dukani akaniwekea boksi mezani. Nikalifungua, nikatoa kiatu kimoja, nikakikunja soli, nikaangalia namba 36 miguu yote miwili. Kisha nikamsomea kodi.