Barua kwa mwanafunzi anayerudia mtihani: ifuate oksijeni kutoka puani hadi kwenye damu

Mpendwa mwanafunzi,

Umeniandikia kwamba mfumo wa upumuaji umekushinda na kwamba huoni pa kuanzia. Nimeipitia karatasi yako swali kwa swali, na ninachokiona ni tofauti na unachokisema. Maana za maneno umezipata. Grafu ya himoglobini umeichora sawasawa. Alama zako zimepotelea mahali pamoja: kila ulipopewa namba za mgonjwa ukaulizwa kwa nini ziko hivyo, uliandika kila ulichokikariri kuhusu mapafu, bila kuzigusa namba zenyewe.

Kwa hiyo usianze kusoma daftari upya kutoka ukurasa wa kwanza. Ukifanya hivyo utatumia siku zako nyingi kwenye vitu unavyovijua tayari, na udhaifu wako utabaki palepale. Chukua karatasi moja tupu, uchore safari ya oksijeni kutoka hewani hadi kwenye ateri, na kila kituo ukiandikie namba yake. Mada karibu zote za upumuaji zina mahali pake kwenye safari hiyo.

Anza nje ya mwili, usawa wa bahari. Shinikizo la hewa ni milimita 760 za zebaki, yaani 760 mmHg, na oksijeni ni asilimia 21 ya hewa hiyo. Hewa ikipita puani hupata joto na unyevu, na mvuke wa maji peke yake huchukua 47 mmHg. Ndiyo sababu tunatoa 47 kwanza, kisha tunazidisha: 713 mara 0.21 ni karibu 150. Wengi husahau ile 47, na hesabu yote inayofuata hupotoka kwa karibu 10 mmHg. Kosa hilo linatosha kukufanya umwone mgonjwa mwenye mapafu mazima kuwa na mapafu mabovu.

Hewa ikifika kwenye vifuko vya mapafu, damu inachukua oksijeni na kurudisha kaboni dioksidi. Kwa chakula cha mchanganyiko wa kawaida, mwili hutoa molekuli 0.8 hivi za kaboni dioksidi kwa kila molekuli moja ya oksijeni unayoitumia. Hapo ndipo unapotoka mlinganyo ambao nakuomba uujue kuliko mwingine wowote:

```
PAO2 = PIO2 - (PaCO2 / 0.8)
     = 150 - (40 / 0.8)
     = 100 mmHg
```

Herufi P ni shinikizo la gesi, A kubwa ni vifuko, a ndogo ni damu ya ateri, na PIO2 ni ile 150 tuliyoipata juu. Angalia kwamba tunagawanya kwa 0.8, hatuzidishi. Ukitaka kujikagua, kumbuka kwamba oksijeni inayochukuliwa ni nyingi kuliko kaboni dioksidi inayorudishwa, kwa hiyo namba unayoitoa lazima iwe kubwa kuliko PaCO2 yenyewe. Ukipata 32 badala ya 50, umezidisha.

Vifuko vina 100, ateri ina karibu 95. Hilo pengo dogo ni la kawaida, kwa sababu damu kidogo hupita bila kukutana na hewa ya kutosha hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa kijana halizidi 15, na huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Pengo hili ndilo litakalokuambia kama tatizo limo ndani ya mapafu au limetoka kwingine.

Sasa tuchukue mgonjwa. Ni kijana aliyemeza dawa nyingi za maumivu za jamii ya mofini. Anapumua mara 10 kwa dakika, kila pumzi mililita 360. Damu ya ateri inaonyesha PaCO2 80 na PaO2 44. Swali linakutaka ueleze kwa nini oksijeni imeshuka.

Hatua ya kwanza ni kujua ni hewa kiasi gani inafika vifukoni. Katika kila pumzi, karibu mililita 150 hubaki kwenye koo na mirija ya hewa, mahali ambapo hakuna kubadilishana gesi. Mtu mwenye afya akivuta mililita 500 mara 12, hewa inayofika ni 350 mara 12, yaani mililita 4,200 kwa dakika. Mgonjwa wetu ana 210 mara 10, yaani 2,100. Hiyo ni nusu kamili. Maadamu mwili unaendelea kutengeneza kaboni dioksidi kwa kasi ileile, hewa ikipungua kwa nusu PaCO2 hupanda maradufu, kutoka 40 hadi 80. Namba ya maabara sasa ina maelezo yake, na haukuhitaji kukariri lolote kuhusu sumu.

Hatua ya pili, ingiza 80 kwenye mlinganyo: 150 toa 100, unabaki na 50 vifukoni. Ateri ina 44. Pengo ni 6. Mapafu ya kijana huyu ni mazima. Oksijeni yake imeshuka kwa sababu hapumui vya kutosha, na kasoro iko kwenye ubongo unaoamuru pumzi. Ukiandika sentensi hiyo pamoja na hizo namba tatu, umejibu swali lote.

Watahini hupenda kuongeza kipengele: mgonjwa amepewa oksijeni ya asilimia 30, nini kitatokea? Fuata njia ileile. Asilimia 30 ya 713 ni karibu 214. Toa 100, vifuko vinapata 114, na oksijeni ya ateri inarudi kwenye kiwango kizuri. Kipimo cha kidoleni kitaonyesha namba ya kuridhisha. Lakini kaboni dioksidi bado ni 80, na pH ya damu imeshuka hadi karibu 7.2. Oksijeni imeficha hatari bila kuiondoa. Wanafunzi wanaoandika kwamba mgonjwa amepona hupoteza alama hapa, na wodini kosa hilohilo lina gharama kubwa zaidi.

Linganisha na mgonjwa wa pili, mwenye nimonia. PaCO2 yake ni 30, PaO2 ni 55. Vifukoni ni 150 toa 37.5, yaani 112.5. Pengo ni zaidi ya 57. Huyu anapumua kwa nguvu kuliko kawaida, na bado oksijeni haivuki kufika kwenye damu. Ubovu umo ndani ya mapafu.

Hapa ndipo uliponiuliza swali zuri kwenye barua yako: kama mapafu ni mabovu, mbona kaboni dioksidi imeshuka badala ya kupanda? Kaa na jambo hili mpaka likuelee, maana ndilo gumu kuliko yote katika mada hii. Chukulia kwamba nusu ya damu inapita kwenye vifuko vilivyojaa majimaji. Haipati hewa, kwa hiyo inatoka kama ilivyoingia, PO2 40, himoglobini imejaa asilimia 75. Nusu nyingine inapita kwenye vifuko vizima na kutoka na PO2 ya 100 au zaidi, himoglobini imejaa karibu asilimia 98. Zikichanganyika, mwanafunzi mwenye haraka hukokotoa wastani wa 40 na 100 na kuandika 70. Si sahihi. Kinachochanganyika ni kiasi cha oksijeni, na karibu oksijeni yote imebebwa na himoglobini. Wastani wa 75 na 98 ni kama 86, na ukirudi kwenye grafu, asilimia 86 inakupa PO2 ya karibu 52.

Je, vifuko vizima haviwezi kufidia kwa kupata hewa zaidi? Kwa oksijeni, hapana. Sehemu ya juu ya grafu imelala: himoglobini iliyokwisha kujaa asilimia 98 haina nafasi ya kubeba zaidi, hata ukiiongezea shinikizo. Grafu ya kaboni dioksidi haina ulalo wa namna hiyo, kwa hiyo vifuko vizima vikipata hewa zaidi hutoa kaboni dioksidi zaidi, na hufidia vile vilivyoziba. Ndiyo maana oksijeni inashuka huku kaboni dioksidi ikiwa ya kawaida au chini yake. Chora grafu hizo mbili kando kwa kando, utie alama pale damu ya kila upande inapoangukia.

Mtego mwingine ulionasa karatasi yako ni upungufu wa damu. Uliandika kwamba PaO2 ya mgonjwa itashuka. Haishuki. PO2 hutegemea oksijeni iliyoyeyuka kwenye plazma, na hiyo hulingana na vifuko bila kujali himoglobini ni nyingi au chache. Mtu mwenye gramu 15 za himoglobini katika mililita 100 za damu hubeba karibu mililita 20 za oksijeni, kwa sababu kila gramu hubeba 1.34. Mwenye gramu 7.5 hubeba karibu 10. PaO2 yao ni ileile, asilimia ya kujaa ni ileile, ila kiasi kimepungua nusu. Vipokezi vilivyo kwenye mishipa ya shingo husikiliza PO2, havihesabu kiasi, ndiyo maana upungufu wa damu peke yake hauviamshi kuongeza kasi ya pumzi. Kila unapoona neno oksijeni kwenye swali, jiulize kwanza: ni shinikizo, ni asilimia ya kujaa, au ni kiasi?

Namna ya kufanya kazi kila siku ni hii. Asubuhi, bila daftari, chora ile karatasi ya safari na namba zake kwa dakika kumi, halafu ndipo ufungue daftari urekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kinachorudi kwa rangi hiyo siku mbili mfululizo ndicho cha kusoma siku hiyo. Kisha fanya mgonjwa mmoja kwa ukamilifu, na baada ya kila namba andika sentensi moja yenye "kwa sababu". Majina ya ujazo wa mapafu na vipimo vyake yaache hadi juma la mwisho. Yanakaririka haraka na hayakukuangusha.

Kabla hatujaonana, nifanyie mgonjwa huyu. Mpanda mlima yuko mahali ambapo shinikizo la hewa ni 380 mmHg. PaCO2 yake ni 25, PaO2 ni 34. Tafuta oksijeni ya vifukoni na pengo. Halafu rudia hesabu ukiweka PaCO2 ya 40, kana kwamba hakuongeza pumzi, na unieleze kwa sentensi mbili kwa nini asingeweza kubaki hapo. Nahitaji kuona hesabu yako yote, pamoja na ulipokwama.

Mwalimu wako wa fiziolojia