Taa za swichi zinapepesa zote, mtandao umekufa

"Ofisi nzima mtandao unakokota tangu asubuhi, taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja. Nahisi kuna kebo imejirudia. Naipataje?"

Nami nahisi hivyohivyo. Mwenzetu aliyesema zima swichi uwashe yuko sahihi nusu: utapata nafuu kidogo, kisha dhoruba ya data inayozunguka bila kukoma itarudi maana kebo bado imechomekwa.

Kwenye kompyuta iliyochomekwa swichi kuu, iache hii iendelee (Windows, weka anwani ya ruta yako):

```
ping -t 192.168.1.1
```

Sasa chomoa kebo zinazokwenda swichi nyingine, moja moja, ukisubiri sekunde 10 kila mara. Ile itakayofanya taa zitulie na majibu yarudi kwa milisekunde 1 au 2, tawi lake ndilo lenye shida. Usiirudishe. Fuata swichi ya upande ule, urudie vilevile. Chungulia chini ya meza: kwetu mtu alikuta ncha ya kebo inaning'inia, akaichomeka kwenye swichi ndogo ileile ilikotoka.

— Kwangu waifai tu ndiyo nzito, nayo ni hii?

Kama wanaotumia kebo mtandao wao uko sawa, hapana. Nawe uliyeuliza mwanzo, simu za mezani zenye matundu mawili ya kebo je, mnazo? Yote mawili yakichomekwa kwenye swichi, kebo imejirudia vilevile.

— Tunazo nne. Naenda kuzitazama.