Damu baada ya P2: usiihesabu kama hedhi kabla hujapiga hesabu hii

Tarehe 17 Machi niliona damu nikamshukuru Mungu. Ilikuwa siku ya sita tangu ninywe P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, na nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima. Nikafuta tarehe za zamani kwenye kalenda ya ukutani, nikazungushia 17 na kuandika "siku ya kwanza". Kosa langu lilianzia hapo, na naona dada wengi wanalirudia.

Nianze na tarehe zenyewe. Mzunguko wangu ni wa siku 28. Hedhi ilianza tarehe 2 Machi, kwa hiyo iliyofuata niliitarajia tarehe 30. Usiku wa tarehe 10 kondomu ikapasuka. Asubuhi yake nikaenda duka la dawa, nikanywa vidonge vyote viwili kwa pamoja. Kila kimoja kina miligramu 0.75 za levonojestreli, jumla 1.5, na kuvinywa kwa mara moja ni sawa.

Damu ya tarehe 17 ilikuwa ya kahawia, matone tu. Pedi moja ilinitosha kutwa nzima, na siku ya tatu ikakata. Nikasema hedhi imekuja nyepesi kwa sababu ya dawa. Basi tarehe 3 Aprili ilipotoka damu nyekundu, nzito, yenye mabonge madogo, na tumbo likauma kuliko kawaida, nilijua nimeharibika. Kwa hesabu yangu mpya hedhi ilikuwa bado siku 11!

Nesi wa zahanati ya mtaani kwetu hakuanza na kitanda wala sindano. Alichukua kalamu na karatasi. "Mdogo wangu, kabla ya P2 hedhi yako ya mwisho ilianza lini?" Nikamwambia tarehe 2 Machi. Akahesabu, akatabasamu. "Basi hii ya leo ndiyo hedhi. Imechelewa siku nne tu. Ile ya kahawia ilikuwa ya dawa."

Akanieleza hivi. P2 ni homoni nyingi inayoingia mwilini kwa mara moja. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Homoni ile inaposhuka, ukuta wa mfuko wa uzazi unaweza kumeguka kidogo, ndiyo matone yanayoonekana ndani ya wiki moja hivi. Wengine hawaoni kitu kabisa, na hiyo haimaanishi kwamba dawa imegoma. Vilevile kuyaona si uthibitisho kwamba huna mimba.

Hedhi yenyewe hutegemea ulikunywa lini. Ukinywa mapema, yai likiwa bado, mara nyingi hedhi huwahi siku kadhaa, ingawa yai likicheleweshwa sana inaweza kusogea mbele kama yangu. Ukinywa yai likiwa limeshatoka, hedhi huja karibu na tarehe yake au ikachelewa kidogo, na hapo kinga ya dawa nayo huwa ndogo mno. Wanawake wengi huipata ndani ya siku saba kabla au baada ya tarehe waliyoitarajia. Wingi wa damu nao hubadilika, kwa mmoja hupungua, kwa mwingine huzidi.

Kwa hiyo acha tarehe ya zamani kwenye kalenda. Ongeza alama ya siku uliyokunywa dawa na siku ya tendo lenyewe. Kutoka siku ya tendo hesabu siku 21, kisha pima mimba kwa mkojo, hata kama uliona matone. Kwangu ilikuwa tarehe 31 Machi. Nesi alinipima siku ile ya tarehe 3, mstari ukawa mmoja. Ukipima siku ya kumi ukaona mstari mmoja, bado hujajua kitu. Na hedhi ikipita siku saba bila kuja, pima.

Swali lake lingine lilinishtua: "Baada ya kunywa, mlikutana tena bila kinga?" Yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku chache baadaye, na P2 ya jana hailindi tendo la kesho. Ukirudia kuinywa ndani ya mwezi mmoja, damu huvurugika zaidi na kuhesabu kunakuwa kugumu.

Kuna damu ambayo si ya kusubiri kalenda. Ikiwa unalowesha pedi kila saa kwa saa mbili au zaidi, au una maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo pamoja na kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi nayo hutoa matone kama yale yangu.

Nilirudi nyumbani nikafuta duara la 17, nikazungushia 3 Aprili. Hesabu ya siku 28 iliangukia tarehe 1 Mei. Ilikuja tarehe 2, ikakaa siku nne, wingi wake uleule wa siku zote.