Bidhaa mbili za daraja A, tabia mbili tofauti

Swali: Nauza vipuri vya malori kwa jumla. Nimepanga stoo kwa ABC na bidhaa za A naziagiza kwa kanuni moja, lakini filta za oili zinaenda sawa huku klachi pleti ama zimelala ama zimeisha. Nakosea wapi?

Jibu: ABC inakuambia pesa iko wapi, A zikiwa bidhaa zinazoingiza nyingi na C kidogo; haisemi mahitaji yanayumba kiasi gani. Hilo ni kazi ya XYZ. Chukua mauzo ya miezi 12 kwa kila bidhaa, ugawanye mchepuko sanifu kwa wastani:

```
=STDEV.S(B2:M2)/AVERAGE(B2:M2)
```

Wengi huita X jibu lililo chini ya 0.5, Y hadi 1, na Z zaidi ya hapo. Mipaka hii si msahafu.

Tuseme filta ni shilingi 15,000 na unauza 1,200 kwa mwaka, nayo klachi pleti ni 750,000 na unauza 24. Kila moja inaingiza milioni 18, kwa hiyo zote ni A. Filta zinatoka kati ya 88 na 115 kila mwezi, mchepuko 8, jibu 0.08: hiyo ni AX. Klachi zimetoka 0, 0, 6, 0, 1, 0, 0, 9, 0, 0, 8, 0. Wastani ni 2, mchepuko 3.49, jibu 1.75: AZ.

Mzigo ukichukua mwezi mmoja kufika, akiba ya tahadhari ya filta kwa uhakika wa 95% ni 1.65 × 8, yaani 13 hivi. Jumlisha na mauzo ya mwezi mmoja, 100: agiza zikibaki 113, basi. Hesabu hiyohiyo kwa klachi inakupa akiba ya 6, uagize zikibaki 8. Hapo milioni 6 zimekaa rafuni miezi mingi, na bado mteja anayetaka klachi 9 atakukuta umepungukiwa. Kanuni hii inadhani mahitaji yanapanda na kushuka kuzunguka wastani; yako yanakaa kimya, kisha yanalipuka.

Kabla ya kuagiza, fungua ankara. Kama zile 6, 9 na 8 zilichukuliwa na kampuni moja ya malori, huna soko linaloyumba, una mteja mwenye ratiba ya matengenezo. Muombe ratiba hiyo, agiza kwa arubuni, na rafuni weka moja au mbili za wapita njia.

Chunguza pia zile sifuri. Mwezi ambao rafu ilikuwa tupu si mwezi usio na mahitaji. Ukiuhesabu, bidhaa ya X inaweza kugeuka Z, utapunguza akiba, na rafu itakuwa tupu tena. Miezi ya namna hiyo iache wazi kwenye jedwali, usiandike 0. Excel itairuka yenyewe.

Bolti na balbu za CX nunua nyingi kwa mkupuo. CZ leta kwa oda tu.