Malipo ya Oktoba, mapato ya miezi kumi na miwili

Ukianza kazi ya uhasibu kwenye kampuni inayouza programu za kompyuta hapa Mtwara, Masasi au Lindi, Oktoba ndiyo itakayokupima. Wateja wetu wengi ni vyama vya msingi vya wakulima, AMCOS kama tunavyoviita, na wao hulipa pale korosho inapoanza kuingia ghalani. Fedha ya mwaka mzima inaingia benki ndani ya wiki chache, halafu Februari mpaka Septemba akaunti inakuwa kimya. Nawaandikia ninyi mnaoanza kuhusu jambo moja tu: ile fedha ya Oktoba iingie vipi kwenye vitabu, na itoke vipi mwezi hadi mwezi.

Tuchukue mteja mmoja tuende naye mpaka mwisho. Chama cha msingi kinanunua huduma ya programu ya kupokelea mazao, ile ya kuandika kilo za kila mkulima na kutoa orodha ya malipo. Programu iko kwenye seva yetu, wao wanaingia kwa nenosiri. Bei ya mwaka ni shilingi 1,800,000 kabla ya VAT. Ukiongeza asilimia 18, yaani 324,000, ankara inasoma 2,124,000. Wamelipa yote tarehe 9 Oktoba 2024. Nenosiri wamepewa tarehe 16 Oktoba, na mkataba unasema huduma ni mpaka 15 Oktoba 2025.

Siku ya malipo, tarehe 9, unaandika hivi: debiti benki 2,124,000, krediti VAT ya kulipa 324,000, krediti dhima ya mkataba 1,800,000. Akaunti ya mapato huigusi kabisa. Ile 1,800,000 ni deni, kwa sababu tumepokea fedha ya watu na bado hatujawafanyia kitu. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kinachotumika tangu 1 Januari 2018, kinataka mapato yaandikwe pale mteja anapopata huduma aliyoahidiwa. Mteja wetu anaipata kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa hiyo na mapato yanaandikwa kidogo kidogo.

VAT haifuati njia hiyo, na hapa vijana wengi hujikwaa. Kodi haingoji uitoe huduma mwezi kwa mwezi. Umetoa risiti ya EFD na umepokea fedha, kwa hiyo 324,000 yote inaingia kwenye ritani ya Oktoba, inayowasilishwa kabla ya tarehe 20 Novemba kupita. Matokeo yake ni kwamba mauzo ya Oktoba kwenye ritani yatasoma 1,800,000 kwa mteja huyu, wakati leja ya mapato inasoma chini ya 80,000. Tofauti hiyo ni halali. Tengeneza karatasi ya ulinganisho kila mwezi: mauzo ya ritani, toa yaliyobaki kwenye dhima, ongeza yaliyotoka kwenye dhima za nyuma, upate mapato ya leja. Afisa wa kodi akiuliza baada ya miaka miwili, unampa karatasi. Usijaribu kuigawa VAT kwa kumi na mbili ili hesabu mbili zifanane.

Sasa kutoa mapato. Saa inaanza kuhesabu tarehe 16, siku mteja alipoweza kuingia. Zile siku saba kati ya malipo na nenosiri hazina mapato hata senti. Oktoba ina siku 16 za huduma kati ya 365, kwa hiyo mapato ya Oktoba ni 78,904. Novemba, siku 30, ni 147,945. Desemba, siku 31, ni 152,877. Hadi 31 Desemba tumeshatoa 379,726, na 1,420,274 inabaki kwenye mizania kama dhima. Ingizo la kila mwisho wa mwezi ni lile lile: debiti dhima ya mkataba, krediti mapato ya huduma.

Wapo wanaotumia miezi badala ya siku: 150,000 kwa mwezi kamili na 75,000 kwa nusu ya Oktoba. Kwa mteja huyu wangefika Desemba na 375,000. Tofauti ni 4,726, na sioni sababu ya kugombana nayo, mradi njia iwe moja kwa wateja wote na kwa miaka yote. Mimi napendelea siku kwa sababu wateja wetu huanza tarehe za kila aina, na kompyuta haichoki kuhesabu.

Kwenye jedwali, hesabu jumla tangu mwanzo wa mkataba, kisha toa jumla ya mwezi uliopita. Ukihesabu kila mwezi peke yake na kuzungusha namba, senti zitakusanyika na mwisho wa mkataba utabaki na shilingi zisizo na mwenyewe. Safu B ni bei bila VAT, C ni siku ya kuanza, D siku ya mwisho, na seli F1 ina tarehe ya mwisho wa mwezi:

```
=ROUND($B2*MAX(0,MIN(F$1,$D2)-$C2+1)/($D2-$C2+1),0)
```

Nije sasa kwenye swali ambalo mtaulizwa na wakubwa wenu, na huku kwetu linaulizwa kwa nguvu kuliko mahali pengine. Meneja atasema: "Hawa watu wanatumia programu msimu wa korosho tu. Oktoba, Novemba, Desemba, basi. Kwa nini tusiandike mapato yote kwenye miezi hiyo mitatu?" Hoja yake si ya kijinga. Ukiangalia rekodi za kuingia kwenye mfumo, utakuta karani wa chama anaingia mara nyingi kwa siku wakati wa mnada, na Machi pengine haingii kabisa.

Lakini jiulize mkataba umeahidi nini. Haukuahidi kupima idadi fulani ya kilo. Umeahidi kwamba mlango utakuwa wazi kila siku kwa mwaka mzima: seva inawaka, data inahifadhiwa, mtu wa msaada anapokea simu. Mlinzi wa ghala aliyeajiriwa kwa mwaka analinda hata usiku ambao hakuna gunia ndani, na hakuna anayesema usiku huo hakufanya kazi. Ahadi ya kuwa tayari hutimizwa kwa kupita kwa muda, na gharama zetu za kuitimiza zinalala karibu sawa kila mwezi. Ndiyo maana mgawanyo ulio sawa kwa siku ndio unaoeleza ukweli, hata kama matumizi yanapanda na kushuka.

Isitoshe, si kweli kwamba mfumo unalala. Kuanzia katikati ya mwaka chama hicho hicho kinapokea ufuta, na kabla ya hapo kuna kuhakiki orodha za wakulima kwa ajili ya salfa na viuatilifu vingine. Nenda kaangalie rekodi zenyewe kabla hujakubali kwamba miezi hiyo ni mitupu.

Meneja angekuwa sahihi kama bei ingefungwa kwenye matumizi. Chama kikinunua kifurushi cha SMS 10,000 za kuwajulisha wakulima malipo yao, hapo mapato yanafuata SMS zilizotumwa. Zikitumwa 6,000 Novemba, asilimia 60 ya bei ya kifurushi ni mapato ya Novemba. Kama mkataba mmoja una vyote viwili, huduma ya mwaka na kifurushi cha SMS, vitenganishe kwenye mistari miwili ya jedwali na kila mmoja uwe na kipimo chake.

Upande wa pili pia una mpaka. Vipo vyama vya vijijini ambako mtandao ni wa kubahatisha, nao huomba programu iwekwe kwenye kompyuta yao ifanye kazi bila kutegemea seva yetu. Hiyo ni leseni, na mteja ameshaipata siku tulipoiweka na akaruhusiwa kuitumia. Sehemu ya bei inayohusu leseni inaandikwa mapato wakati huo, na sehemu ya msaada na maboresho ndiyo inayogawanywa kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya kuingiza mteja mpya kwenye jedwali, uliza kwanza: tukizima seva yetu leo, programu ya huyu mteja itaendelea kufanya kazi? Jibu lisitoke kichwani mwako. Muulize fundi aliyeiweka.

Kila mwisho wa mwezi, kabla ya kufunga, jumla ya mabaki ya wateja wote kwenye jedwali lazima ilingane na salio la dhima ya mkataba kwenye leja, shilingi kwa shilingi. Zisipolingana usitafute kwa kubahatisha. Tafuta kwanza mteja mwenye salio hasi: huyo mapato yake yametolewa kupita alicholipa bila VAT, mara nyingi kwa sababu jedwali lilinakili VAT ndani ya bei. Kwa mteja wetu, kosa hilo lingetoa mapato ya 2,124,000 kutoka kwenye dhima ya 1,800,000, na salio lingegeuka hasi karibu miezi miwili kabla ya mkataba kwisha. Kisha tafuta aliyemaliza mkataba lakini bado ana salio. Hapo kwa kawaida malipo ya kuongeza mwaka mpya yameingizwa kwenye mstari wa mkataba wa zamani, kwa hiyo tarehe ya mwisho haikusogea na fedha imekwama. Usiirefushe tarehe ya mstari ule, maana fomula itahesabu upya na kuvuruga miezi iliyokwisha fungwa. Fungua mstari mpya.

Kuna mkataba unaovunjika katikati. Chama kikijiondoa baada ya 31 Desemba na mkataba unasema fedha ya siku zilizobaki inarudishwa, ile 1,420,274 inahama kutoka dhima ya mkataba kwenda deni la kumrudishia mteja, na hati ya marekebisho inatolewa ili VAT yake nayo irekebishwe. Kama mkataba unasema hairudishwi na hatudaiwi tena huduma yoyote, salio linakuwa mapato siku mkataba unapokoma. Pale mkataba usiposema lolote, liache kwenye dhima mpaka makubaliano ya maandishi yapatikane. Barua pepe ya karani kwamba "tumeacha" haitoshi, mwombe meneja wa chama asaini.

Na salio la dhima ya mkataba mwonyesheni mkurugenzi kila mwezi, kando ya salio la benki. Desemba benki inaweza kusoma milioni 40 huku dhima ya mkataba ikisoma milioni 31. Akiziona namba mbili kwenye karatasi moja, ataelewa mwenyewe kwamba sehemu kubwa ya fedha ile ni ya kulipia seva na mishahara mpaka Septemba, kabla hajaahidi kununua gari.